Kusoma tepu ya inchi: hesabu vipande 16, kisha agiza beringi

Mashine ya kusaga iliyonifunza haya iko Mikindani. Inasaga mahindi na makopa ya muhogo, na siku ile ilikuwa inapiga kelele hadi watoto waliokaa foleni na ndoo zao wamesogea mbali. Mwenye mashine, mama mtu mzima, alikuwa amenipigia simu asubuhi: "Fundi, mashine inalia. Njoo kabla haijanyamaza."

Nilivua mkanda, nikazungusha shafti kwa mkono. Beringi ya upande wa puli ilikuwa imekwisha, gololi zinakwaruza kama mchanga. Nikatoa tepu, nikapima kichwa cha shafti, nikapiga simu Dar kuagiza beringi ya milimita 30. Ikaja na basi. Nikaipaka mafuta, nikaisukuma. Haikuingia hata ncha.

Tepu yangu ni ya inchi tupu, haina sentimita hata moja. Shemeji yangu aliyekuwa anafanya kazi melini ndiye aliyeniletea. Ni tepu nzuri, bati lake gumu, halikunjiki ovyo. Aliyekosea ni mimi niliyeisoma. Nilikosa kipande kimoja tu, yaani moja ya kumi na sita ya inchi, na kipande kimoja kilitosha kuharibu oda. Kwa hiyo nitaeleza kazi ile ile tangu mwanzo, jinsi nilivyopaswa kuifanya.

Kwanza ijue tepu yako

Vuta tepu utazame nafasi kati ya namba mbili zilizo jirani, tuseme kati ya 3 na 4. Hesabu nafasi, usihesabu mistari. Tepu ya kawaida ya inchi ina nafasi 16. Baadhi zina nafasi 32 kwenye inchi 12 za mwanzo tu, halafu zinarudi kwenye 16. Ukiikuta hiyo, pimia mbele ya futi ya kwanza ili usichanganyikiwe.

Ipo nyingine ya kuogopa. Ni tepu ya wapimaji ardhi, ambayo futi imegawanywa mara 10 badala ya 12. Kwa haraka inafanana kabisa na ya inchi, ila namba zake zinafika 9 kisha inaandikwa futi moja. Ukiona hivyo, iweke kando. Hiyo haisomi inchi.

Kuna jaribio rahisi la kumaliza ubishi. Nenda steshenari yoyote uombe karatasi moja ya A4. Urefu wake ni milimita 297. Tepu ya inchi iliyo sawa itakuonyesha inchi 11 na vipande 11 kati ya 16, na ziada ya unywele. Kama inaonyesha kitu kingine, basi tepu si ya inchi, au ncha yake imepinda.

Kuhusu hiyo ncha: kile kibati cha mbele kinachochezacheza hakijalegea. Kimetengenezwa hivyo. Kinacheza kwa kiasi cha unene wake chenyewe, ili ukikinasa ukingoni na kuvuta, au ukikisukuma ukutani, kipimo kiwe kile kile. Nimeona mtu amekigonga kwa nyundo "kukikaza", na tangu siku hiyo tepu yake ikawa na vipimo viwili, cha ndani na cha nje.

Tepu za Kimarekani zina pia namba nyekundu kila inchi 16 na vialama vidogo vyeusi mfano wa almasi. Hivyo ni vya wajenga nyumba za mbao. Havituhusu.

Kusoma mistari bila kuhesabu mmoja mmoja

Mistari kati ya namba mbili haina urefu sawa, na urefu huo ndio unaosema. Mrefu kuliko yote, ulio katikati, ni nusu inchi. Miwili inayoufuata kwa urefu ni robo na robo tatu. Inayofuata ni ya moja ya nane, ambayo wazee huiita thumuni. Mifupi kabisa ni moja ya kumi na sita.

Hapo ndipo wengi huanza kusumbuka, kwa sababu wanataka jina la kila mstari: tatu ya nane, saba ya kumi na sita, kumi na tatu ya kumi na sita. Mimi niliacha majina hayo. Ninasoma kila kitu kwa vipande vya kumi na sita, basi. Robo ni vipande 4, nusu ni 8, robo tatu ni 12, inchi nzima ni 16. Ukitaka mstari ulio katikati, unasimama kwenye nguzo iliyo karibu na kutembea hatua chache. Mstari mfupi mmoja baada ya nusu ni 9. Mstari mfupi mmoja kabla ya robo tatu ni 11. Huna haja ya kuanza kuhesabu kutoka mwanzo.

Inchi nzima nazo zigeuze kuwa vipande. Inchi moja na robo ni 16 na 4, yaani 20. Inchi mbili na tatu ya nane ni 32 na 6, yaani 38. Nambari moja nzima, haina mkia. Subiri kidogo utaona kwa nini nimeng'ang'ania vipande hivi. Beringi zenyewe zinaongea lugha hiyo.

Makosa mawili nimeyaona mara nyingi. La kwanza ni kuhesabu mstari wa namba yenyewe kuwa ndio kipande cha kwanza. Mstari wa namba ni sifuri. Kipande cha kwanza kinaishia kwenye mstari unaofuata. Ukikosea hapo unazidisha milimita 1.6. La pili ni baya zaidi: mtu anaona inchi moja na mistari mitatu mifupi, anaandika 1.3 kwenye simu. Inchi moja na vipande vitatu si 1.3. Ni vipande 19, yaani milimita 30.16, lakini 1.3 inatoa 33.02. Hapo umepotea milimita karibu tatu, na kikokotoo hakikukosea chochote.

Kupima shafti ya mviringo

Hapa ndipo nilipoanguka. Kichwa cha shafti ni duara, na kipenyo ni mstari unaopita katikati kabisa ya duara hilo. Tepu ikipita pembeni ya katikati, inapima mstari mfupi zaidi, na hakuna kitu kitakachokuonya. Shafti ya yule mama ilikuwa na vipande 20. Mimi nilisoma 19. Baadaye nilikaa na karatasi nikapiga hesabu: kwa duara la ukubwa ule, tepu ikikosa katikati kwa milimita 5 tu, inapunguza kipande kimoja kamili. Milimita 5 ni upana wa penseli nyembamba. Na mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya puli, jasho machoni, tepu nimeishika kwa mkono mmoja.

Ubaya wake ni kwamba vipande 19 ni milimita 30.16. Akili ikasema haraka, "Aah, hiyo ni thelathini." Kipimo kibovu kilipokutana na namba niliyoizoea, nikaridhika.

Kwa hiyo usitegemee kichwa cha shafti peke yake. Kama huna vernia, kile kipimo cha taya mbili kinachobana kitu na kusoma unene wake, tumia karatasi. Kata ukanda mwembamba wa daftari, uzungushe shafti ukiwa umebana sana, na uhakikishe kingo zinakaa sawa, ukanda usijipinde kama nyoka. Pale unapopandana, toboa karatasi zote mbili kwa sindano kwa pigo moja. Fungua ukanda, ulaze juu ya meza, pima kutoka tundu hadi tundu. Huo ni mzingo. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo.

Uzuri wa njia hii ni kwamba tofauti inakuzwa zaidi ya mara tatu. Shafti ya milimita 30 inatoa mzingo wa milimita 94. Ya vipande 20 inatoa karibu 100. Ya milimita 35 inatoa 110. Tofauti ya milimita moja na robo tatu, ambayo jicho linaikosa kwenye kichwa cha shafti, sasa ni zaidi ya milimita tano mezani. Mtoto wa shule ataiona. Unene wa karatasi unaongeza theluthi moja ya milimita hivi kwenye mzingo, kwa hiyo usibishane na nywele. Karatasi haitakutenganishia 31.75 na 32.

Pima mahali ambapo beringi ya zamani haikukaa. Beringi ikizunguka juu ya shafti inakula chuma, na pale palipolika patakudanganya. Ukipapasa kwa ukucha utasikia ngazi ndogo. Sogea upande wa pili wa ngazi hiyo, penye chuma kisichoguswa, usafishe kutu kwa msasa kwanza.

Ukipata vernia ya kuazima, tazama kwanza inasoma nini. Zile za betri zina kitufe cha kubadilisha inchi na milimita. Ikiandika 1.250 hiyo ni inchi, si milimita moja na ushee.

Kugeuza kuwa milimita

Inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Nchi zinazotumia inchi zilikubaliana hivyo mwaka 1959, kwa hiyo hiyo namba haina mkia uliokatwa. Chukua vipande vyako, zidisha kwa 25.4, gawanya kwa 16:

```
20 × 25.4 ÷ 16 = 31.75
```

Kama hutaki kugawanya, kipande kimoja ni milimita 1.5875, unazidisha tu. Kichwani mimi natumia robo: kila robo inchi ni 6.35. Robo tano ni 31.75. Nusu inchi ni 12.7, robo tatu ni 19.05. Kwa kazi ya kila siku hizo zinatosha.

Wapo wanaofanya inchi kuwa 25 ili hesabu iwe nyepesi. Kwa kitu kidogo utaona haina neno, lakini pima mbao ya inchi 40 kwa njia hiyo: unapata mita moja kamili, wakati ukweli ni milimita 1,016. Mlango hautafunga.

Sasa jambo lenyewe. Ukishapata 31.75, usiizungushe. Usiseme 32, wala usiitafutie namba ya milimita iliyo jirani. Fundi wa mbao anaweza kuzungusha, ataziba kwa msasa. Beringi haizibwi. Hiyo 31.75 inakuambia kitu kimoja: shafti hii ilitengenezwa kwa inchi, kwa hiyo tafuta beringi ya inchi. Tepu yenye pande mbili inakuonyesha hilo bila hesabu. Kifaa cha inchi kikipimwa sawasawa kinatua juu ya mstari wa upande wa inchi, na upande wa milimita kinaning'inia katikati ya mistari. Cha milimita kinafanya kinyume chake.

Kusoma namba ya beringi

Mashine za kusaga na nyingi za kubangulia korosho huku kwetu zinatumia beringi iliyokaa ndani ya nyumba ya chuma kizito yenye matundu mawili ya bolti, na beringi yenyewe ina skrubu mbili ndogo za kubana shafti. Futa uso wa beringi ya zamani kwa kitambaa na mafuta ya taa. Utakuta maandishi yanayoanza na UC.

Kama imeandikwa UC206 na basi, ni ya milimita. Zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5: 06 ni milimita 30, 05 ni 25, 07 ni 35. Kama kuna kistari na namba nyingine, kama UC206-20, ni ya inchi, na ile namba baada ya kistari ni vipande vya kumi na sita. Hivyo hivyo nilivyokuwa navihesabu. 20 ni vipande 20, inchi moja na robo. UC205-16 ni vipande 16, inchi moja kamili. UC204-12 ni robo tatu. Hakuna cha kugeuza: unasoma tepu, unataja namba.

Lakini taja namba zote mbili, ya kabla ya kistari na ya baada. Ya kwanza inatawala umbo la nje. UC206 na UC206-20 zina upana mmoja kwa nje, milimita 62, kwa hiyo zinakaa katika nyumba ile ile. Tundu la katikati tu ndilo linabadilika. Ila ipo pia UC207-20, yenye tundu la inchi moja na robo vilevile, lakini nje ni milimita 72. Ukisema "nipe ya inchi moja na robo" bila zaidi, unaweza kuletewa hiyo, ikakaa vizuri kwenye shafti na kukataa kuingia kwenye nyumba.

Maandishi yakiwa yamefutika, pima nyumba. Toka katikati ya tundu moja la bolti hadi katikati ya jingine, ile ya 206 ina milimita 121 hivi, ambayo kwenye tepu ya inchi ni inchi 4 na robo tatu. Ya 207 ina 127, inchi 5 kamili. Matundu hayo ni marefu kidogo ili nyumba isogezwe, basi lenga katikati ya urefu wake.

Kwa muuzaji wa Kariakoo, andika ujumbe mfupi ili asikisie, na umwombe apige picha ya maandishi kabla ya kufunga mzigo:

```
UC206-20
tundu 31.75 mm
nje 62 mm
```

Picha hiyo inaokoa nauli ya basi kwenda na kurudi.

Njia za mkato nilizopewa siku ile

Beringi ya 30 ilipokataa kuingia, washauri hawakukosekana. Mmoja alisema tuipunguze shafti kwa grinda. Kutoka 31.75 hadi 30 ni kuondoa karibu milimita moja kila upande, na grinda ya mkono haiondoi sawa pande zote. Unabaki na shafti yenye umbo la yai. Kwenye mashine ya kukereza inawezekana, ila umeidhoofisha shafti mahali penye mzigo mkubwa, karibu na puli.

Mwingine alisema tutie ya 35 na kuzungushia bati la kopo. Nafasi ni milimita 3.25. Skrubu zikikazwa zinasukuma shafti upande mmoja, bati linalala upande mwingine, na shafti inakaa nje ya katikati. Utajua kwa kutazama puli: inazunguka huku inayumba, mkanda unapiga makofi, na baada ya siku chache skrubu zimelegea. Nimezikuta mashine za namna hiyo Tandahimba, na kila mara bati limesagika kuwa unga mweusi.

Pale ambapo hesabu hii haitakusaidia

Bomba la chuma la nusu inchi halina milimita 12.7 popote. Nje lina milimita 21 na kidogo. "Nusu inchi" ni jina lake tu, la tangu zamani. Bomba linunue kwa jina.

Bolti nayo ina mambo mawili, unene na meno. Bolti ya nusu inchi ni 12.7 na ya milimita 12 ni 12, lakini hata kama unene ungelingana, meno hayalingani. Nati ikiingia mizunguko miwili kisha ikagoma, iache. Usiilazimishe kwa spana, utakula meno. Mitambo ya Kiingereza ya zamani, kama ile ya enzi za mradi wa karanga wa Nachingwea uliokufa 1951, ina meno yake tena tofauti na ya Kimarekani, ingawa yote ni inchi. Hapo chukua bolti yenyewe mkononi uende nayo dukani.

Kufunga

UC206-20 ilipofika, niliisafisha shafti kwa msasa, nikapaka mafuta mepesi, nikaisukuma kwa mikono miwili. Iliteleza hadi mahali pake bila nyundo. Inapaswa kuwa hivyo. Ukihitaji nyundo, simama upime upya au utafute kinundu kilichoachwa na skrubu za zamani. Kipige tupa taratibu.

Kaza bolti za nyumba kwanza, lakini si sana. Zungusha shafti kwa mkono mara kadhaa ili beringi ijipange, ndipo umalizie bolti, na mwisho kabisa skrubu ndogo mbili. Baada ya saa chache za kusaga zima mashine uzikaze tena, kwa sababu mtikisiko wa mwanzo huzilegeza kidogo.

Mama alisimama mlangoni akaniuliza ile ya kwanza ilikuwa na kasoro gani. Nikamwambia ilikuwa ndogo kwa milimita moja na robo tatu. Akanionyesha kidole na kucha yake, akauliza kama ni hivi. Nikasema ni hivyo hivyo. "Na kwa hicho," akasema, "nimekaa siku tatu bila kusaga." Beringi ya 30 bado iko kwangu rafuni, mpya katika boksi lake. Nimeandika juu yake kwa kalamu nzito: 19.